Mpangilio wa herufi za MIKINDANI: jibu lako limekosea wapi?

Swali lenyewe liko kwenye picha ya ukurasa wa daftari, aina ile inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya kidato cha tano na cha sita huku Mtwara na Lindi kila mada ya uwezekano inapofika. Linasema hivi:

Tumia herufi za neno MIKINDANI. (a) Zinaweza kupangwa kwa njia ngapi tofauti? (b) Katika mipangilio hiyo, ni mingapi yenye I zote tatu zikiwa pamoja? (c) Ni mingapi ambayo hakuna I mbili zinazogusana? (d) Ni mingapi inayoanza na N? (e) Ukichukua herufi nne tu, unapata mipangilio mingapi tofauti?

Majibu ni 30240, 2520, 12600, 6720 na 626. Kama umeyapata yote matano, huna shida hapa. Kama umepata namba nyingine, itafute chini, tukianza na za sehemu (a). Makosa ya hesabu hii yana tabia nzuri: karibu kila kosa lina namba yake, na mara nyingi ukiiona namba unajua mkono uliteleza wapi.

Jambo moja kwanza, kwa sababu linawasumbua wengi. Mpangilio si lazima uwe neno lenye maana. IIIMKNDAN ni mpangilio halali na unahesabiwa sawasawa na MIKINDANI.

Umepata 10080, 3360 au 90720: tatizo liko kwenye picha

Hizi tatu hazitokani na kutojua kanuni. Aliyezipata alifuata kanuni vizuri kabisa, ila kwenye neno ambalo siyo lililoandikwa.

10080 maana yake umesoma MIKINDAN. I ya mwisho haikuonekana. Hutokea daftari linapopigwa picha likiwa wazi mezani: karatasi inajikunja pale katikati kwenye uzi, na herufi ya mwisho ya mstari inazama kwenye kivuli. Zinabaki herufi 8, I mbili na N mbili, na hesabu inakuwa 8!, yaani 40320, kugawanya kwa 2!×2!, yaani 4.

3360 ni upande wa pili wa karatasi: M imekatwa na ukingo wa picha, ukasoma IKINDANI. Herufi 8, I tatu, N mbili, 40320 kugawanya kwa 12.

90720 inakuja unapoiona I moja kuwa kitu kingine. Kwa mwandiko wa kalamu, na hata kwenye baadhi ya chapa, I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 hazina tofauti ya maana. Ukiacha simu ikusomee maandishi ya picha, inaweza kukuletea MIKINDANl, na hapo macho hayakamati kitu. Lakini ukihesabu marudio, I zinakuwa mbili na l moja, basi unagawanya kwa 4 badala ya 12.

Dawa ya zote tatu ni ileile: kabla hujagusa kikokotoo, andika orodha ya herufi na idadi yake.

```
M 1
I 3
K 1
N 2
D 1
A 1
jumla 9
```

Kisha rudi kwenye picha uhesabu herufi za neno moja moja kwa kidole, bila kutazama orodha. Lazima upate 9. Orodha na kidole vikitofautiana, usiendelee. Mwenyeji wa Mtwara ana faida ya ziada hapa, kwa sababu Mikindani anaijua na hawezi kukubali MIKINDAN. Lakini walimu hupenda pia maneno kama NANGURUKURU au NACHINGWEA, na kwa mtu asiyepafahamu mahali, U moja ikipotea haionekani.

Kama picha haisomeki, mwombe aliyeipiga airudie: simu iwe sambamba na karatasi, mwanga utoke dirishani kwa ubavu, mwako uzimwe kwa sababu kalamu ya wino inang'aa na kufutika, na daftari lisukumwe kwa kiganja lilale bapa. Aitume kama hati, siyo kama picha, maana WhatsApp huzibana picha na kingo za herufi ndogo ndizo zinazoharibika kwanza.

Alama ya fakitoria nayo huponza kwenye picha. 9! iliyoandikwa haraka inaonekana 91, na 3!2! inaonekana 3121. Ukiona kwenye suluhisho la mtu sehemu yenye 91 juu na 3121 chini, hizo ni alama za mshangao zilizopoteza nukta zake.

Umepata 362880

Hii ni 9! tupu, yaani 9×8×7×6×5×4×3×2×1. Umehesabu kana kwamba herufi zote tisa ni tofauti. Umesahau kugawanya, au hukuamini kwamba kuna haja ya kugawanya. Wa kundi la pili ni wengi kuliko tunavyodhani, kwa hiyo tulitazame jambo lenyewe kwa karibu.

Kata boksi la biskuti vipande tisa, uandike herufi za MIKINDANI, moja kwa kila kipande. I moja iandike kwa kalamu nyekundu, moja ya bluu, moja ya kijani. Zipange mezani zisomeke MIKINDANI. Sasa funga macho, mwenzako abadilishane I ya bluu na ya kijani. Ukifungua macho unaona rangi zimehama, lakini neno ni lilelile. Kama kalamu ingekuwa nyeusi tupu usingejua kwamba kuna kitu kimeguswa.

Zile I tatu zinaweza kukaa kwenye nafasi zao tatu kwa njia sita za rangi:

```
nyekundu bluu kijani
nyekundu kijani bluu
bluu nyekundu kijani
bluu kijani nyekundu
kijani nyekundu bluu
kijani bluu nyekundu
```

Hiyo sita ndiyo 3!. N mbili nazo zikipewa rangi zinabadilishana kwa njia mbili, ndiyo 2!. Na kwa kila hali moja ya zile sita za I, hali mbili za N zinawezekana, kwa hiyo neno moja linaloonekana limejificha ndani ya mipangilio 6×2 = 12 ya rangi. Si MIKINDANI peke yake. Kila mpangilio, uwe IIIMKNDAN au NNAIDIKIM, umehesabiwa mara 12 kamili, si zaidi wala si pungufu. Ndiyo maana kugawanya kunafaa. Kama baadhi yangehesabiwa mara 12 na mengine mara 6, kugawanya kusingesaidia kitu.

```
9! / (3! × 2!) = 362880 / 12 = 30240
```

Ukitilia shaka kwa sababu 30240 haiwezi kuorodheshwa kwa mkono (ukiandika mpangilio mmoja kila sekunde 5 bila kupumzika utamaliza baada ya saa 42), jaribu neno dogo. MAMA ina M mbili na A mbili: 4! ni 24, gawanya kwa 2!×2! ambayo ni 4, unapata 6. Nayo ni MAMA, MAAM, MMAA, AMAM, AMMA, AAMM. Tafuta ya saba. Haipo.

Umepata 60480

Umegawanya kwa 6 badala ya 12, lakini 6 hiyo inatoka sehemu mbili tofauti na ni lazima ujue yako ni ipi.

Huenda umeona I tatu, ukagawanya kwa 3!, ukazisahau N. Hii ni ya kawaida kwa neno hili, kwa sababu I zinajitokeza sana na N zimekaa mbalimbali, moja kabla ya D na nyingine kabla ya I ya mwisho. Au huenda uliziona N vizuri, ila umezidisha 3×2 bila fakitoria. Idadi ya marudio ni 3 na 2, lakini tunachogawanyia siyo idadi hiyo bali njia za kubadilishana nafasi. Kwa herufi inayorudiwa mara mbili hutaona tofauti, maana 2! ni 2. Kwa tatu inaonekana: 3! ni 6.

Ukitaka kujua yako ni ipi, fanya MASASI. A mbili, S mbili, jibu sahihi ni 720 kugawanya kwa 4, yaani 180. Aliyesahau kundi moja atapata 360. Anayezidisha bila fakitoria atapata 180, atafurahi, na kosa lake litabaki limelala mpaka akutane na neno lenye herufi iliyorudiwa mara tatu. Mwalimu anayetunga zoezi asiishie kwenye maneno ya aina ya MASASI kwa sababu hiyohiyo.

Na ukipata 181440, umegawanya kwa 2 tu: umeziona N, zile I zimekupita.

Umepata 72576, 45360 au 3024

Umejumlisha mahali pa kuzidisha. 72576 ni kugawanya kwa 3+2. 45360 ni kugawanya kwa 3!+2!, yaani 8. 3024 ni kugawanya kwa (3+2)!, yaani 120.

Hii ya tatu ndiyo mbaya, kwa sababu 3024 ni sehemu ya kumi kamili ya jibu sahihi. Mwanafunzi analinganisha na jibu la mwenzake, anaona 30240, anasema amesahau sifuri, anaiongeza na kuendelea. Hakusahau sifuri. Alichukua I tatu na N mbili akazifanya kundi moja la vitu vitano vinavyofanana, kana kwamba I inaweza kubadilishana na N bila neno kuharibika. Weka N mahali pa I ya kwanza uone: MNKIIDANI. Si neno lilelile. Kila herufi inayorudiwa inabadilishana na pacha wake tu, basi inapewa fakitoria yake peke yake, halafu fakitoria hizo zinazidishwa.

Kwa NANGURUKURU kuna makundi matatu. Herufi ni 11: U nne, N mbili, R mbili, kisha A, G na K moja moja. Asili inakuwa 4!×2!×2!, yaani 24×2×2 = 96, na 39916800 kugawanya kwa 96 ni 415800. Ukipata 831600 umeliacha kundi moja la mbili, na kwa kawaida ni R.

Umepata 120960

Kanuni umeiandika sawa kwenye daftari, kikokotoo ndicho kilichoelewa vingine. Umebonyeza 9! ÷ 3! × 2! bila mabano. Kikokotoo kinatoka kushoto kwenda kulia: 362880 kugawanya kwa 6 ni 60480, halafu kinazidisha kwa 2. Mstari wa sehemu ulioandika kwa kalamu ulikuwa unafanya kazi ya mabano, na kikokotoo hakiuoni. Bonyeza hivi:

```
9! ÷ ( 3! × 2! )
```

au gawanya mara mbili, 9! ÷ 3! ÷ 2!. Zote zinatoa 30240.

Jinsi ya kulikamata kosa bila kuwa na jibu la mwenzako

Kuna kipimo kimoja tunachokiamini kuliko vingine, nacho kinaifikia jumla kwa njia nyingine. Gawa mipangilio kwa herufi ya kwanza.

Ikianza na I, zinabaki herufi 8 zenye I mbili na N mbili: 40320 ÷ 4 = 10080. Ikianza na N, zinabaki 8 zenye I tatu na N moja: 40320 ÷ 6 = 6720. Ikianza na M, zinabaki 8 zenye I tatu na N mbili: 40320 ÷ 12 = 3360, na ni hivyohivyo kwa K, D na A, jumla yao 13440.

10080 + 6720 + 13440 = 30240.

Tazama pia uwiano: 10080, 6720 na 3360 ni kama 3, 2 na 1, sawa na idadi ya I, N na herufi moja moja. Ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu nafasi ya kwanza haina upendeleo. Jumla isipokubali, au uwiano ukivunjika, kuna herufi umeihesabu vibaya. Kipimo hiki pia kinakupa jibu la (d) bila jasho: ni 6720.

Ukipata 13440 kwa (d), umezidisha kwa 2 ukisema N ziko mbili, basi yoyote inaweza kutangulia. Hizo N hazitofautiani. Kuweka hii au ile mbele ni jambo moja. Ukipata 3360, umeiacha 2! kwenye asili ingawa N moja umeshaitoa. Kila unapoifunga herufi mahali pake, andika upya orodha ya zilizobaki. Ile ya mwanzo haitumiki tena.

Sehemu (b): umepata 15120 au 5040

I tatu pamoja maana yake III ni kipande kimoja. Chukua vile vipande vya boksi, vibandike vitatu vya I kwa gundi, sasa una vitu saba mezani: III, M, K, N, D, A, N. Vitu saba vyenye N mbili ni 7! ÷ 2! = 5040 ÷ 2 = 2520.

Aliyepata 15120 amezidisha 2520 kwa 3!. Alizoea maswali ya watu: marafiki watatu wakitaka kukaa pamoja kwenye benchi, kweli unazidisha kwa 6, maana watu hawafanani. I zinafanana. Ndani ya gundi hakuna kinachobadilika. Aliyepata 5040 amezisahau N. Akili yote ilikuwa kwenye I.

Sehemu (c): umepata 27720 au 75600

27720 ni jibu zuri la swali jingine. Ni 30240 kutoa 2520, yaani mipangilio ambayo I zote tatu haziko pamoja. Lakini humo ndani bado mna mipangilio yenye I mbili zilizogusana na ya tatu imekaa mbali, kama MIIKNDANI. Swali limekataza hata mbili kugusana. Picha ikiwa hafifu, soma sentensi hii mara mbili, kwa sababu "zisikae zote pamoja" na "zisigusane hata mbili" zinatofautiana kwa maneno machache na majibu yao yanatofautiana kwa zaidi ya nusu.

Njia ya kufuata ni hii. Ziweke I pembeni, panga zilizobaki: M, K, N, D, A, N. Herufi sita zenye N mbili, 720 ÷ 2 = 360. Chukua mpangilio mmoja wapo na uache mapengo:

```
_ M _ K _ N _ D _ A _ N _
```

Mapengo ni saba, pamoja na yale ya mwanzo na mwisho, ambayo watu huyasahau. Kila pengo lipokee I moja tu, basi haziwezi kugusana. Unachagua mapengo matatu kati ya saba: 7×6×5 kugawanya kwa 6, ni 35. Neno letu lenyewe limo humo: weka I baada ya M, baada ya K na baada ya N ya mwisho, linasomeka MIKINDANI. Jibu ni 360×35 = 12600.

75600 inapatikana kwa kuchukua 7×6×5 = 210 bila kugawanya kwa 6, kana kwamba I tatu zinaingia kwa zamu. Namba hii ingepaswa kukushtua mapema, kwa sababu imezidi 30240. Sehemu haiwezi kuzidi jumla yake.

Ukitaka uhakika, hesabu pia mipangilio yenye I mbili tu zilizogusana: chagua pengo la II kwa njia 7, pengo la ile iliyobaki kwa njia 6, zidisha kwa 360, unapata 15120. Kisha jumlisha hali zote tatu zinazowezekana: 2520 + 15120 + 12600 = 30240. Imefunga.

Sehemu (e): umepata 252 au 3024

Hapa kanuni tuliyotumia tangu mwanzo haifai. Si kwamba inahitaji kurekebishwa kidogo. Haifai kabisa. Ilifanya kazi kwa sababu kila mpangilio ulikuwa na I zote tatu na N zote mbili, hivyo kila mmoja ulihesabiwa mara 12. Ukichukua herufi nne tu, MKDA haina I wala N, imehesabiwa mara moja. IINN imehesabiwa mara 12. MIKA imehesabiwa mara 3, kwa sababu I yake inaweza kuwa yoyote kati ya tatu. Hakuna namba moja ya kugawanyia.

3024 safari hii ni 9×8×7×6, bila kujali marudio. (Ndiyo, ni namba ileile iliyotokea juu kwa kosa lingine kabisa, kwa hiyo usiseme "nimepata 3024" bila kusema ni sehemu gani.) 252 ni 3024 kugawanya kwa 12. Inaonekana safi, lakini ukihesabu mipangilio yenye herufi nne tofauti peke yake tayari unapata 360, ambayo imeizidi 252. Hapo inaanguka.

Lazima ugawe kwa sura ya herufi nne zilizochaguliwa. Herufi za aina tofauti ni sita: I, N, M, K, D, A.

Zote nne tofauti: chagua nne kati ya sita, njia 15, kila moja inapangwa kwa njia 24, ni 360.

Jozi moja na mbili tofauti: jozi ni II au NN, njia 2; mbili nyingine zinatoka kwenye aina tano zilizobaki, njia 10; kila kundi linapangwa kwa 4! ÷ 2! = 12. Hiyo ni 2×10×12 = 240. Wengi hupata 144 hapa kwa sababu wanachagua zile mbili kutoka M, K, D, A tu, wakisahau kwamba ukichukua II, N moja bado inaruhusiwa, na ukichukua NN, I moja inaruhusiwa.

Jozi mbili: IINN peke yake, 4! ÷ (2!×2!) = 6, kama MAMA.

Tatu zinazofanana na moja: III na yoyote kati ya tano, kila moja inapangwa kwa njia 4 kulingana na mahali ile ya peke yake inapokaa. 5×4 = 20.

360 + 240 + 6 + 20 = 626.